Nesi anasema ni homoni tu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, mimba yangu ya kwanza, wiki ya 29. Ni fundi cherehani hapa Manzese. Kila usiku kifua kinawaka moto, pua imeziba utadhani nina mafua yasiyoisha, na sasa nyonga: nikigeuka kitandani nasikia kinena kama kinachanika. Kliniki nesi kaniambia, "Ni homoni tu, mama." Mama mkwe anasema kiungulia ni nywele za mtoto. Mume wangu anasema mimba si ugonjwa, halafu akanipa vidonge vyake vya mgongo, diklofenaki. Nimemeza siku mbili. Hizo homoni ni zipi, na zitaniacha lini?*
*Fundi wa Manzese*

Marahaba, mwanangu. Homoni zitasubiri, tuanze na hivyo vidonge. Acha leo. Diklofenaki na ndugu yake aibuprofeni hazifai mimba ikishavuka wiki 20, isipokuwa daktari mwenyewe ameamua. Maji anayoogelea mtoto kwa sehemu kubwa ni mkojo wake, na dawa hizi zinaweza kuupunguza. Kwa umri wa mimba yako kuna la pili: mtoto bado hapumui kwa mapafu, kwa hiyo damu yake hupita njia ya mkato karibu na moyo, na diklofenaki inaweza kuibana njia hiyo kabla ya siku zake. Siku mbili zisikukoseshe usingizi, lakini mwambie mkunga na usimfiche. Maumivu yakizidi, meza panadoli ya kawaida kwa kipimo cha kwenye paketi, siku chache tu. (Kama daktari alikuandikia aspirini ndogo kwa ajili ya presha, hiyo ni habari nyingine, endelea nayo.)

Nesi wako hakusema uongo. Mimi mwenyewe, miaka yangu ya ukunga, nilikuwa nalitamka hilo neno "homoni" foleni ikifika mlangoni. Shida ni kwamba umepewa jina moja kwa mambo matatu, na kila moja lina wakati wake.

Kinachokuchoma kifua ni kazi ya projesteroni. Mji wa mimba ni msuli, na msuli ukitanuliwa hutaka kujikunja. Projesteroni ndiyo inayoutuliza usimsukume mtoto nje mapema. Mwanzoni hutoka kwenye ovari, palepale yai lilipochomoka. Kati ya wiki ya 7 na ya 10 kondo la nyuma linaipokea kazi hiyo, na kuanzia hapo kiwango kinapanda mpaka mwisho. Ndiyo maana katika miezi mitatu ya kwanza ulikuwa unasinzia juu ya cherehani: projesteroni inaleta usingizi. Lakini homoni inasafiri na damu, haibishi hodi mlango mmoja. Ikilegeza mji wa mimba, inalegeza pia utumbo, ukapata choo kigumu, na inalegeza ule msuli unaofunga mdomo wa tumbo la chakula. Asidi inapanda. Miezi hii ya mwisho mtoto naye amekua, analisukuma tumbo la chakula kwa chini, basi moto unakuwa wa pande mbili.

Sasa mama mkwe. Usimcheke. Mwaka 2006 watafiti wa Baltimore, Marekani, walichapisha matokeo ya wajawazito 64. Walitaka kuuvunja uvumi huu huu wa nywele, wakajikuta wengi waliosumbuliwa sana na kiungulia wamezaa watoto wenye nywele nyingi. Nywele hazichomi mtu. Walichodhani ni kwamba homoni zilezile zinazolegeza mlango wa tumbo huenda zinahusika pia na kuota kwa nywele za mtoto. Ni utafiti mdogo, usiweke dau. Ila bibi wa watu ameona kitu.

Dawa ya kwanza ya kiungulia ni saa ya kula. Najua mafundi: unafunga kibanda saa mbili, ugali unaiva saa nne, saa nne na nusu umelala chali. Kula sahani ndogo mapema, kaa wima kwa muda wa saa mbili au tatu kabla ya kulala, kisha lala ubavu wa kushoto. Miguu ya kitanda upande wa kichwani iwekee tofali mojamoja. Mito ya kurundika haisaidii, inakukunja tumbo tu. Ikishindikana, vidonge vya magneziamu vya kutafuna vinaruhusiwa, lakini viachane na vidonge vya damu ulivyopewa kliniki kwa saa mbili hivi, maana vinazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Udongo wa Pemba nao unafanya hivyohivyo, na najua uko kwenye droo ya cherehani. Magadi usiguse, ni chumvi tupu.

Nyonga ndiyo iliyonifanya nichague barua yako, kwa sababu hapa hata sisi wakunga tulifundishwa vibaya. Darasani tuliambiwa kuna homoni inaitwa rilaksini, inalegeza kano zinazofunga mifupa, na inaongezeka kila mwezi mpaka siku ya uchungu. Nimewarudia wanawake maneno hayo miaka na miaka. Si kweli. Rilaksini inafika kileleni katika miezi mitatu ya kwanza, karibu na wiki ya 12, halafu inashuka na kubaki chini kiasi. Wewe wa wiki ya 29 unayo kidogo kuliko ulivyokuwa nayo kabla tumbo halijaonekana. Kazi yake kubwa ya mwanzoni ni kutanua mishipa ya damu ili mafigo yachuje zaidi. Unakumbuka ulivyokuwa unakimbilia choo na tumbo bado bapa? Rilaksini ilikuwa na mkono wake pale. Na watafiti walipopima rilaksini kwenye damu ya wenye maumivu makali ya nyonga na ya wasio nayo, hawakupata uhusiano unaoeleweka.

Basi nini kinachanika? Hakuna kinachochanika. Mbele, chini ya tumbo, mifupa miwili ya nyonga inakutana kwenye gegedu. Kwa kawaida nafasi iliyopo ni milimita 4 au 5, na mimba inaongeza 2 au 3. Homoni zimeitanua nafasi hiyo tangu mwanzo. Sasa uzito ndio umekuja kukaa juu yake, na mgongo umebadilisha mkao. Mifupa miwili ikivutwa sawasawa haiumi. Inauma upande mmoja ukibeba na mwingine ukining'inia. Jipime: simama kwa mguu mmoja kama unayevaa suruali. Kikiuma kinena, au nyuma juu ya makalio, jibu umelipata.

Kwa hiyo tiba yake ni kuiacha miguu isiende njia mbili. Kitandani, kabla ya kugeuka, kunja magoti, yabane pamoja na mto katikati, kisha geuka mzima kama gogo, mabega na nyonga kwa wakati mmoja. Nguo vaa umekaa. Ngazi panda moja moja, mguu usiouma utangulie. Kushuka, unaouma ndio utangulie. Daladala ndiyo adui, kile kidaraja cha kwanza kiko juu mno na konda anakuharakisha. Ukiweza panda Mwendokasi pale Manzese, jukwaa liko usawa wa mlango. Kanga ikunje mara nne upate mkanda wa kiganja kimoja, uufunge chini ya tumbo kuzunguka mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Ukifungwa sawa unasikia nafuu hatua ya kwanza tu. Usiposikia, shusha kidogo.

Na cherehani: kukanyaga kwa miguu yote miwili si tatizo kubwa. Tatizo ni kiti kifupi na kujipinda kuchukua kitambaa sakafuni. Inua kiti mpaka magoti yawe chini kidogo ya nyonga, kapu la vitambaa lipande mezani, na kila nusu saa simama, tembea mpaka kwa jirani urudi. Kama kutembea kwenyewe kumekuwa shida, omba upelekwe kwa fiziotherapia.

Pua ni ya estrojeni, na nitaisema kwa ufupi. Inavimbisha utando wa pua na ufizi, maana inaleta damu nyingi kwenye ngozi laini. Ninachokipenda mimi ni jinsi inavyotengenezwa: tezi zilizo juu ya mafigo ya mtoto zinatoa malighafi, kondo la nyuma linamalizia. Yaani mtoto naye ni fundi, anashona na wewe. Inapanda mpaka mwisho, na ndiyo inayouandaa mji wa mimba usikie wito wa uchungu. Puani weka maji ya chumvi ya dukani. Matone ya kufungua pua usinunue bila kuuliza.

Kuna vitu vinavyojificha nyuma ya neno "homoni", na hapa nataka usikie vizuri. Kifafa cha mimba kinaweza kuanza na maumivu chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, na wengi wameyaita kiungulia. Kiungulia kinachoma, kinapanda kooni, kinakuja baada ya kula, kinapungua ukikaa. Maumivu yanayokaa palepale, yasiyojali chakula wala kidonge cha kutafuna, pamoja na kichwa kuuma sana, kuona vimulimuli au uso kuvimba ghafla, hayo ni ya hospitali usiku huohuo. Kila ukienda kliniki omba kuiona presha yako kwa macho: namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, mkojo upimwe, na anayekuhudumia asiseme ni homoni. Ya hospitali pia ni kuwashwa viganja na nyayo usiku bila vipele, ini likiwa limezidiwa na homoni hizo, na mguu mmoja tu kuvimba na kuuma, maana estrojeni inafanya damu igande kwa urahisi.

Zitakuacha lini? Projesteroni na estrojeni zinaanguka kondo la nyuma likitoka, ndani ya siku chache, na kiungulia huondoka nazo. Pua hufuata ndani ya wiki mbili hivi. Nyonga ina mwendo wake, wiki kadhaa, wengine miezi, basi mkanda wa kanga usiurudishe kabatini siku ya kujifungua. Vidonge vilivyobaki mrudishie mume wako. Mgongo wake hauna mtoto ndani.