Kupima vivuli nje: fito yako imezama kiasi gani mchangani?

"Nafundisha darasa la nne hapa Lindi. Nataka watoto wapime vivuli nje, lakini kipindi ni dakika 40 na kivuli kinasogea kidogo tu. Nipangeje?"

Mkuu, usikibane kwenye kipindi kimoja. Mimi niko Mikindani, na zoezi hili nalifanya Julai kwa siku nzima. Saa 3 asubuhi kikundi cha kwanza kinatoka, kinapima dakika tano, kinarudi darasani, kisha kila saa kinatoka kingine hadi saa 8. Mwalimu wa hisabati akinuna, muahidi jedwali la kuchorea grafu.

Mara ya kwanza niliaibika. Kila kikundi nilikipa fito ya mita moja wakachomeka wenyewe. Saa 4 hao wakaniletea sentimita 109, wale 96, na jua ni lile lile! Nikawafokea kwamba hawajui kusoma futi kamba. Binti mmoja akapiga magoti, akapima fito yenyewe: "Mwalimu, ya kwao fupi." Kweli, juu ya ardhi zilibaki sentimita 88. Mchanga wetu laini, na walikuwa wameigongomea mno. Tukagawanya 109 kwa 100, na 96 kwa 88: zote zikatoa 1.09. Kosa lile likawa ndilo somo lenyewe.

Siku hizi nachukua fito ndefu zaidi na kuipiga rangi mita moja kutoka juu. Rangi ndiyo inayogusa ardhi. Unyoofu tunaupima kwa uzi wenye jiwe, ingawa kusi likivuma lazima mtoto mmoja alikinge kwa daftari. Ncha ya kivuli inawekewa msumari kabla ya kupima. Ncha hiyo huwa na ukungu wa kama sentimita moja saa 6, na zaidi kivuli kikiwa kirefu asubuhi, kwa hiyo tofauti ndogo kuliko hiyo msiigombanie. Na wasitazame jua.

Tarehe 20 Julai, fito ya mita moja inatoa karibu hivi: saa 3 sentimita 168, saa 4 109, saa 5 77, saa 6 61, saa 7 62, saa 8 80. Wapo watakaoandika sifuri saa 6 kwa sababu wamekariri kwamba mchana kivuli hupotea. Wapeleke wakakione kimelala kuelekea kusini, maana Julai jua liko kaskazini yetu. Kwetu kinapotea karibu na 20 Oktoba na 22 Februari tu.

Tena kifupi kabisa hakiji saa 6 kamili. Saa zetu zinafuata longitudo 45 mashariki, sisi tuko karibu na 40, kwa hiyo jua linatuchelewa dakika 20 hivi. Julai zinaongezeka kama sita. Ukiweza, ongeza kipimo cha saa 6 na nusu.

Kama uwanja una mkorosho, chomeka kaskazini yake, mbali kidogo. Oktoba utahama.