Presha ya mama: kulia 146, kushoto 128

"Nimempima mama hapa Mbagala. Kulia 146/88, kushoto 128/84. Nishike ipi?"

— Shika ya kushoto dada, ndiko kuliko na moyo.

— Hapana kaka, moyo kuwa upande huo hakuifanyi namba ya kushoto kuwa ya kweli zaidi. Dada, ulianza na kulia, sivyo? Kipimo cha kwanza mara nyingi hupanda, mtu hajatulia bado. Mkalishe dakika tano, mkono uegemee meza usawa wa moyo, asiongee (kwa mama zetu hapo ndipo pagumu). Pima kulia, kushoto, kisha kulia tena. Kulia ikishuka hadi 130 na kitu, tofauti ililetwa na muda tu. Ikibaki 144 huku kushoto iko 128, hiyo ni tofauti ya kweli.

Namba ya juu ikipishana chini ya 10, ni kawaida. Ikizidi 15 kila siku unayopima, mwambie daktari: huenda mshipa unaopeleka damu mkono wenye namba ndogo umeanza kuziba. Tangu hapo pimia mkono wenye namba kubwa, maana ule mwingine utakudanganya kuwa dawa inatosha. Ila pengo kubwa likija na maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongo, usirudie kupima, mkimbize hospitali.

— Mimi kushoto huzidi kwa 6, nianze dawa?

— Sita si kitu. Namba zenyewe ni ngapi?