Mpangilio wa karata za tarot kuhusu mapenzi, usio na Kikombe hata kimoja

"Nimeuliza kama atanirudia. Zimetoka Nne ya Sarafu, Sita ya Sarafu, Mbili ya Panga, Nane ya Panga na Haki. Vikombe havipo kabisa. Je, hanipendi?"

Habari, ndugu. Kwanza hesabu karata: Vikombe, kundi la karata za hisia na mapenzi, ni 14 kati ya 78, hivyo mpangilio wa karata tano hukosa Vikombe takriban mara 36 katika kila 100, jambo ambalo peke yake halithibitishi kwamba hakupendi. Mimi hutazama kilichojaza nafasi hiyo. Hapa Sarafu zinazungumzia kushikilia mali na kutoa kwa kipimo, Panga zinaonyesha uamuzi uliokwama na mtu aliyejifunga kwa hofu zake, na Haki inadai kila upande upate stahili yake. Kwa hiyo naona swali lako la mapenzi limebeba swali jingine, pengine la deni au makubaliano yaliyovunjwa. Kama lipo, uliza upya: "Ni nini hakijalipwa kati yetu?" Vikombe vikitokea hapo, visome kama hisia zake; visipotokea, usiendelee kuchanganya karata usiku kucha ukivitafuta. Kama hakuna deni wala ahadi, usomaji wangu hausimami.