Shimo likifurika wiki moja tu baada ya kunyonywa

Harufu ya choo ikizidi uani, wapangaji wengi wa Dar es Salaam humpigia mwenye nyumba wakisema, "Shimo limejaa, leta gari." Gari linakuja, linanyonya, na baada ya siku nane maji yanachungulia tena kwenye mfuniko. Mwenye nyumba anawaka: mnamwaga maji ovyo!

Tanki la maji taka likiwa zima huwa na maji muda wote, mpaka usawa wa bomba la kutokea. Uchafu mzito hutulia chini, maji huenda shimo la pili, lisilosakafiwa, yakanywewa na ardhi. Kwa hiyo, kabla ya kupiga simu, mwombeni fundi afungue mifuniko yote. Asiwepo wa kuinamia, kuvuta sigara wala kuingia ndani, hata kama ni kufuata ndoo. Hewa ya humo inaua.

Chemba ya chooni ikijaa huku tanki likiwa kwenye usawa wake, bomba la kati ya chemba na tanki limeziba, na gari halihitajiki. Tanki likipanda juu ya bomba la kutokea na shimo la pili halijajaa, kilichoziba ni bomba hilo la kutokea. Yote mawili yakijaa, ardhi imekataa kunywa: tope na mafuta vimeziba kuta za shimo, au masika maji ya ardhini yamepanda.

Piga hesabu ya hali hiyo ya mwisho. Watu 12, kila mmoja akitumia lita 60, wanaingiza lita 720 kwa siku. Tanki la lita 6,000 litajaa kwa siku nane na ushee. Ujumbe basi uwe hivi:

"Shikamoo mama. Gari lilinyonya tarehe 4, na tarehe 12 maji yametoka tena. Fundi amefungua: tanki na shimo la pili yote yamejaa. Tunaomba gari wiki hii linyonye yote mawili, na fundi awepo akague shimo la pili kabla halijajaa tena. Picha nimetuma."

Siku ya gari, simama hapo. Wengine hunyonya maji ya juu na kuacha tope, ambalo ndilo linalohamia shimo la pili. Ingiza mti mrefu: ukigota kwenye kitu laini kabla ya sakafu, kazi haijaisha.

Dawa ya kudumu mara nyingi ni kuchimba shimo jipya la kunywea, na maji ya kuoga na kufulia kupewa shimo lake. Penye maji ya ardhini karibu, kuchimba zaidi hakusaidii. Hapo bora kupanua tanki na kupanga ratiba ya gari.

Mwenye nyumba akishauri kutapisha mvua ikinyesha, kataeni: uchafu huo unaishia kwa jirani. Akikaa kimya, pelekeni ujumbe uleule, na picha zake, serikali ya mtaa na kwa bwana afya wa kata. Msikate kodi kulipia gari bila makubaliano ya maandishi, hata ya simu.