Ukumbi mmoja, watu wawili: namna ninavyopanga saa kwenye mti

Kituo kimoja cha mikutano hapa Goma, upande wa Himbi, kiliniomba niwatengenezee daftari la kompyuta la ukumbi wao. Wanapokea maombi yanayogongana, maana nafasi haifungwi mpaka mtu atoe avansi. Mpokeaji wageni alitaka jambo moja tu: mteja akitaja saa, aone papo hapo kama kuna mwenzake anayegongana naye.

Nilipanga maombi kwenye mti kwa saa ya kuanza: kila ombi ni nodi moja, yanayoanza kabla yake yanakaa kushoto, yanayoanza baadaye kulia. Kisha nikawa naangalia jirani tu. Siku hiyo yalikuwemo manne: 8–9, 9–17, 10–12 na 14–15. Mama mmoja akaomba 15–16. Jirani yake, 14–15, anaisha saa ileile anayoanza yeye, kwa hiyo programu ikajibu hakuna shida. Kumbe semina ya 9–17 ilikuwa imeufunika mchana wote.

Dawa yake ni kila nodi ya mti ibebe namba moja zaidi: saa ya mwisho kabisa iliyomo katika nodi hiyo na matawi yake yote. Mimi naiita `upeo`.

```python
def pata(n, a, b):
    while n:
        if n.mwanzo < b and a < n.mwisho:
            return n
        k = n.kushoto
        n = k if k and k.upeo > a else n.kulia
```

Shina ni 10–12. Kushoto kuna 8–9, na chini yake, kulia, 9–17. Kulia kwa shina kuna 14–15. Ukiuliza 15–16, shina haligongani, lakini upeo wa kushoto ni 17, kwa hiyo unashuka huko. Unapita 8–9, unaikuta 9–17. Na kama huko kushoto ungekosa, usingekuwa na haja ya kurudi kulia: mwenye ile 17 angekuwa amekosa kugongana kwa sababu tu anaanza baada yako kumaliza, na wote wa kulia hawaanzi kabla yake.

Hoja hiyo inasimama pale tu upeo unaposema kweli. Semina ilipofutwa, niliiondoa nodi yake nikaacha 17 kwenye 8–9. Nilidhani namba iliyozidi itachelewesha utafutaji tu. Kisha likaingia ombi la 15–18, likakaa chini ya 14–15. Nikauliza tena 15–16: ile 17 ya uongo ikanipeleka kushoto, sikukuta mtu, na 15–18 haikuonekana kabisa.

Kwa hiyo ukiongeza au kufuta, panda kutoka pale ulipogusa mpaka shinani ukikokotoa upya upeo wa kila nodi. Mti ukizungushwa ili usawazike, anza na nodi iliyoshuka, ndipo ile iliyopanda. Na kabla ya kumkabidhi mpokeaji wageni, ongeza na kufuta maombi ya kubahatisha mara elfu kadhaa, kila mara ukilinganisha jibu la mti na la kupitia orodha nzima moja baada ya jingine. Kosa langu lingeonekana hapo mapema.