Monita imekuwa giza nikiwasha MPRT

"Nimewasha MPRT kwenye monita yangu ya 120 Hz. Mpira hauachi mkia tena, lakini kioo kimefifia sana. Imeharibika?"

Haijaharibika, ndugu yangu. MPRT hupunguza mkia wa vitu vinavyokimbia kwa kuwasha na kuzima taa ya nyuma ya kioo haraka haraka. Bila MPRT, kila picha hubaki imewaka milisekunde 8.3 hadi ijayo ifike, na jicho linalofuata mpira linazidi kusogea muda wote huo. Mpira ukikimbia pikseli 960 kwa sekunde, unaona mkia wa pikseli 8. MPRT ikiwasha taa ya nyuma milisekunde 2 tu kisha ikaizima, mkia unabaki pikseli 2. Ila taa iliyowaka robo ya muda inakupa takriban robo ya mwanga: niti 300 zinashuka hadi 72 hivi, isipokuwa monita yenyewe inaongeza nguvu ya taa inapomweka.

Chumba changu hapa Kibokoni kinapigwa na jua asubuhi, na kwa niti hizo mchezaji aliye kivulini simwoni kabisa. Kama menyu yako ina `Pulse Width`, irefushe mchana hadi milisekunde 4: mkia unakuwa pikseli 4, mwanga unarudi karibu nusu. Usiku, pazia likishuka, rudisha 2.

Ukiona mipira miwili pembeni kwa pembeni, hiyo si taa. Gemu inatoa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, kila moja inamulikwa mara mbili. Punguza ubora wa michoro hadi fremu 120 zisimame bila kuyumba. Macho yakiuma, zima. Wengine hawaivumilii kabisa.