Pendekezo la matangazo ya pamoja kwa jirani muuza kahawa

«Nina tanuri dogo la mikate hapa Moshi. Jirani yangu hukaanga na kuuza kahawa. Nimwandikieje ili tugawane gharama na tupelekeane wateja?»

Ndugu, barua yako iwe ya ukurasa mmoja, na ianze na hesabu. Pendekeza kadi 400 za punguzo, za rangi mbili: zako 200 zitolewe na jirani kwa kila anayenunua kahawa, na zake 200 uzitoe wewe pamoja na mkate. Tuseme uchapaji ni shilingi 80,000. Kila mmoja alipe 40,000. Punguzo libebwe na anayempokea mteja, kwa kuwa ndiye anayepata mauzo. Kipengele hiki kikiachwa wazi, ugomvi huanza wiki ya pili.

Sasa jipime mwenyewe. Ikiwa mteja ananunua kwa 3,000, faida yako ni 1,000 na punguzo ni 300, unabaki na 700. Kwa hiyo unahitaji kadi 58 zirudi ndipo urejeshe 40,000 yako. Lakini hesabu hiyo ni ya kweli kwa wateja wapya tu. Majirani hushiriki wateja wengi tayari, nawe utakuwa unampunguzia bei mtu ambaye angenunua vilevile. Muuzaji amuulize kila mwenye kadi kama amewahi kununua hapo, kisha aandike «M» kwa mteja mpya au «Z» kwa wa zamani nyuma ya kadi.

Muda uwe wiki sita, na kadi zihesabiwe pamoja kila Jumamosi.